Mtandao unaoning'inia Makete, na namna sevisi woka inavyoibeba oda

Kuna dada ana duka la vifaa vya ujenzi Bulongwa, kule Makete, mzigo anachukua kwa jumla hapa Mbeya, Mwanjelwa, kwenye duka ambalo tovuti yao ya kuagizia nimeitengeneza mimi. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja aliagiza mifuko 60 ya saruji. Akabonyeza batani ya kutuma, kiduara kikazunguka dakika nzima, ikaja meseji kwamba imeshindikana. Akabonyeza tena, ikashindikana tena, mara ya tatu ikakubali. Kesho yake Fuso ikapanda njia ya Isyonje na mifuko 180. Yaani tani tisa kwa mtu aliyetaka tani tatu, na mvua zimeshaanza, na stoo yake haiingii hata mifuko mia. Akanipigia: "Kamwene kaka, mimi nimeagiza sitini, hii mingine naiweka wapi na ukungu huu?"

Hakukosea kitu yule dada. Nilikosea mimi, na kosa lenyewe liko kwenye jinsi wengi wetu tunavyoielewa hii habari ya tovuti kufanya kazi bila mtandao, tunadhani kuna hali mbili tu, mtandao upo au haupo. Milimani huku hali inayosumbua ni ya tatu, simu inaonyesha mnara, mishale ya data inawaka, ombi linaondoka na halirudi. Mtandao umening'inia. Ukikatika kabisa ni afadhali mara mia, maana brauza inajua hapohapo kwamba imeshindwa na inachukua hatua nyingine, ila ukining'inia brauza inasubiri, na mteja anasubiri na brauza.

Sasa sevisi woka ni nini. Ni faili moja la JavaScript, mara nyingi linaitwa `sw.js`, ambalo brauza inalihifadhi kwenye simu ya mteja na kuliendesha pembeni, nje ya ukurasa. Likishaanza kazi, kila ombi linalotoka kwenye kurasa zako linapita kwake kwanza, kama vile mzigo wote unaotoka stendi lazima upite kwa karani wa getini, na yeye ndo anaamua hili liende mtandaoni, hili lijibiwe kutoka kwenye kache, yaani akiba iliyomo kwenye simu. Haliwezi kugusa kitu kwenye skrini wala kusoma `localStorage`, lina Cache kwa ajili ya majibu ya maombi, na IndexedDB kwa ajili ya data nyingine. Na linakubali kufanya kazi kwenye HTTPS tu, isipokuwa unapojaribia kwenye `localhost`.

Sevisi woka yenyewe haina akili ya duka. Haijui kwamba nembo ya duka ikiwa ya mwezi uliopita hamna tatizo lakini bei ya bati ikiwa ya mwezi uliopita ni ugomvi. Hiyo akili unaiweka wewe. Kwangu mimi vitu viko vya aina tatu: ganda la tovuti (kurasa, mtindo, maandishi ya JavaScript), bei, na oda. Kila kimoja kina sheria yake, na ukivipa vyote sheria moja lazima kimoja kitakuumiza.

Ganda ni rahisi, hilo unaliweka kwenye kache siku ya kwanza na unalitoa kwenye kache kila siku, mtandao uwepo usiwepo. Nina onyo moja tu hapa kwa sababu lilinipotezea wiki mbili. Kwenye tukio la `install` tunatumia `cache.addAll()` na kuipa orodha ya mafaili, na hiyo kitu ni yote au hamna, faili moja likishindwa kushuka basi usakinishaji mzima umeshindwa. Mimi nilikuwa nimeweka humo picha za bidhaa zote, 140 hivi, megabaiti kadhaa, nikiwa hapa Mbeya mjini inasakinika vizuri kabisa, kumbe kule juu picha ya 97 inakwama na kazi yote inahesabika bure, mteja akifungua tena inaanza upya. Nikapunguza ikabaki ukurasa mmoja, faili la mtindo, la JavaScript na orodha ya bei, jumla haifiki kilobaiti 200. Picha zinaingia kwenye kache mojamoja kadiri mteja anavyozitazama, na asipozipata anaona jina na bei, anaagiza vilevile. Msumari wa inchi nne hauhitaji picha.

Bei ndo kuna kazi. Mifano mingi utakayokutana nayo inakwambia jaribu mtandao kwanza, ukishindwa toa ya kwenye kache. Hiyo ni sawa kama mtandao umekatika, lakini ukining'inia hakuna kushindwa, kuna kusubiri tu, na mteja anaangalia skrini nyeupe huku bei ya jana ipo kabisa mfukoni mwake. Kwahiyo unaweka muda wa subira, mimi nimeweka sekunde 4. Kwanza niliweka kwamba zikipita ombi linakatwa kabisa kwa `AbortController`, nikaona nimemaliza, kumbe nimetengeneza tatizo lingine baya zaidi: kwa mtu ambaye orodha ya bei inachukua sekunde 7 kumfikia, kila siku ombi lilikuwa linakatwa kwenye sekunde ya nne, na bei zake hazikuwahi kubadilika hata siku moja. Alikuwa anaona bei za siku aliyofungua tovuti akiwa Mwanjelwa. Ombi usilikate, liache liendelee nyuma ya pazia huku mteja umeshampa ya zamani, likifika linaingia kwenye kache kimyakimya.

```js
self.addEventListener('fetch', (e) => {
  if (!e.request.url.endsWith('/bei.json')) return;
  const mpya = chukuaNaHifadhi(e.request);
  e.waitUntil(mpya.catch(() => {}));
  e.respondWith(anayewahi(mpya, e.request));
});

async function chukuaNaHifadhi(ombi) {
  const jibu = await fetch(ombi);
  if (!jibu.ok) throw new Error(jibu.status);
  const kache = await caches.open('bei');
  await kache.put(ombi, jibu.clone());
  return jibu;
}

async function anayewahi(mpya, ombi) {
  const zamani = await caches.match(ombi);
  if (!zamani) return mpya;
  const subira = new Promise((r) =>
    setTimeout(() => r(zamani), 4000));
  return Promise.race([mpya.catch(() => zamani), subira]);
}
```

Mambo mawili humo ndani yanaonekana madogo. Lile `if (!jibu.ok)` ni kwa sababu `fetch` haioni 500, yaani kosa la upande wa seva, kama kushindwa, kwake seva imejibu basi imejibu, na usipokagua utahifadhi ukurasa wa kosa ukidhani ni bei. La pili ni ile `await` mbele ya `kache.put`. `fetch` inasema imepata jibu pale vichwa vya jibu vinapofika tu, mwili wenyewe bado unashuka, na mtandao wa huku una tabia ya kukwama katikati ya mwili. Ukisubiri `put` imalize ndo unajua umepata orodha nzima, nusu orodha haishindi mbio wala haiingii kwenye kache.

Halafu kila orodha ya bei ina tarehe yake, iliyoandikwa na seva, na inaonekana juu kabisa ya ukurasa kwa herufi kubwa: "Bei za Jumatatu saa 1:30 asubuhi". Usijaribu kupiga hesabu ya "zimepita siku ngapi" kwa kutumia saa ya simu, kuna simu zikiishiwa chaji kabisa saa zinarudi nyuma na utaandika mambo ya ajabu. Toa tarehe kama ilivyo, mwenye duka atajua mwenyewe kama anaiamini au anasubiri.

Sasa turudi kwenye ile mifuko 180. Nilipofungua seva nilikuta oda zote tatu zimefika, na zote tatu ziko sawasawa. Kilichopotea ni majibu. Ombi la kwanza lilipanda kutoka Bulongwa, likafika, seva ikaandika oda, ikajibu "nimepata", na jibu likapotelea njiani likirudi. Kwa simu, oda iliyopotea ikienda na jibu lililopotea likirudi vinafanana kabisa, hamna namna yoyote ya kuvitofautisha ukiwa upande wa mtumaji. Hapa ndipo inabidi tukubali kwamba simu itarudia kutuma, lazima irudie, na kazi yetu ni kuhakikisha kurudia hakuna madhara.

Kwahiyo oda inapewa namba yake ya kipekee kwa `crypto.randomUUID()`, na muda wa kuipa ni pale kikapu kinapoanza, sio pale batani inapobonyezwa. Ukiitoa kwenye batani kila bonyezo ni oda mpya na umerudi palepale. Mteja akibonyeza, cha kwanza kabisa kabla ya kugusa mtandao, oda inaandikwa kwenye IndexedDB, kwenye kijisanduku nilichokiita `sanduku`. Ikishakaa humo hata simu ikizima haipotei. Cache hapa haikusaidii, inahifadhi maombi ya GET tu, yaani ya kuchukua, na oda ni POST, yaani ya kupeleka. Afu ndo inatumwa, na kwenye seva ile namba ndo ufunguo wa jedwali:

```sql
INSERT INTO oda (namba, duka, vitu, bei_za)
VALUES ($1, $2, $3, $4)
ON CONFLICT (namba) DO NOTHING;
```

Ikija mara ya kwanza inaandikwa, ikija mara ya pili au ya kumi haiandiki kitu, lakini zote zinajibiwa vilevile kwamba imepokelewa. Usirudishe kosa kwa ile ya pili, maana simu itadhani imekataliwa wakati ukweli ipo. Simu ikipata jibu la kupokelewa ndo inafuta oda kwenye sanduku. Seva ikijibu 500, oda inabaki ijaribiwe baadaye, ila ikijibu 400, yaani oda yenyewe ina shida, kuirudia hakutasaidia milele, inabidi mteja aonyeshwe airekebishe. Mwanzoni nilizichanganya hizi, oda moja yenye idadi iliyoachwa wazi ikawa inagonga seva kila dakika siku nzima na kumla mtu bando lake.

Nani anaijaribu baadaye? Kuna kitu kinaitwa Background Sync, kipo Chrome tangu 2016, unasajili kazi na brauza inaamsha sevisi woka mtandao ukirudi, hata kama mteja alishafunga ukurasa. Ni kizuri na natumia, lakini usikitegemee peke yake. Firefox na Safari hazina. Na hata Chrome, kurudi kwa mtandao inaupima kwa kuangalia kama simu imeunganishwa, ule ule uongo wa `navigator.onLine`, inayosema mtandao upo hata ukiwa umening'inia, kwahiyo inaweza kuamka wakati mtandao bado unaning'inia, ikajaribu mara chache na kukata tamaa. Simu nyingi za bei ya chini nazo zinaua kazi za nyuma ili betri idumu. Kwahiyo nimeweka njia nyingine pembeni: kila ukurasa ukifunguliwa sanduku linakaguliwa, na ipo batani ya "Jaribu sasa" kwa mtu ambaye ameshapanda sehemu yenye mtandao na anataka aone kwa macho yake. Zote zinaita kazi moja ileile ya kutuma, na kwa kuwa kurudia hakuna madhara tena, hata zikigongana haidhuru.

Maneno ya kwenye skrini nayo nimeyafikiria sana. Zamani niliandika "Oda imetumwa". Imetumwa, lakini imefika? Mwenye duka akisoma imetumwa anaenda zake kulala, anajua kesho kutwa gari linakuja. Sasa kuna hali mbili tu, "Ipo kwenye simu yako, bado haijafika dukani" kwa rangi ya njano, na "Imefika dukani" kwa kijani pamoja na saa iliyofika, na hiyo ya pili haionekani mpaka seva ijibu. Wateja waliacha zaidi kupiga simu kuuliza "mmeipata?" baada ya kubadilisha hayo maneno kuliko baada ya msimbo wote huu.

Bei zina kona moja zinakutana na oda. Mtu ameagiza kwa bei ya Jumatatu, oda imefika Jumatano, na Jumanne bei imepanda. Ile `bei_za` kwenye jedwali ni tarehe ya orodha aliyokuwa anaiona. Seva inalinganisha, kama kuna kitu kwenye oda kimebadilika bei basi oda inakaa pembeni, haiendi stoo mpaka mtu wa duka ampigie mteja wakubaliane. Kuna wenzangu wanaona ni bora mfumo ukubali bei mpya moja kwa moja. Mi sikubaliani, mtu alishapiga hesabu ya mtaji wake kwa bei uliyomwonyesha wewe.

Kuhusu matoleo mapya niseme kidogo. Ukibadilisha `sw.js`, brauza inalinganisha na ya zamani herufi kwa herufi, ikiona tofauti inasakinisha mpya, ila mpya inakaa foleni mpaka vichupo vyote vya tovuti vifungwe, na kwenye simu nani anafunga vichupo? Utarekebisha kosa leo na mteja ataendelea nalo wiki tatu. Ipo `skipWaiting()` inayoiruhusu mpya ichukue zamu palepale, lakini usiiite kiholela, maana mteja anaweza kuwa katikati ya kujaza oda kwenye ukurasa wa zamani huku anayehudumia ni mpya. Mi naonyesha mstari mmoja chini, "Kuna toleo jipya, bonyeza hapa", akibonyeza ndo inaitwa na ukurasa unajifungua upya. Na jina la faili usilibadilishe, ukitoka `sw.js` kwenda `sw2.js` ukurasa uliohifadhiwa kwenye kache utaendelea kuitafuta ile ya zamani.

Kujaribu pia kuna mtego. Kile kitiki cha `Offline` kwenye vifaa vya msanidi vya Chrome, na hali ya ndege kwenye simu, vyote vinakata mtandao papo hapo, kwahiyo vinajaribu ile hali rahisi. Kuiga Makete, nenda kwenye seva yako ya majaribio uiambie isubiri sekunde 30 kabla ya kujibu `/bei.json`, na kwenye oda iandike oda kwanza kisha iue muunganisho bila kujibu. Hapo ndo utaona kama umejenga au umepaka rangi. Mimi baada ya hapo nilipanda Haisi na simu mbili mpaka Isyonje, nikakaa kwenye kibanda cha chai nikiagiza misumari ya uongo.

Kuna mambo haya yote hayawezi. Mara ya kwanza lazima mtandao uwepo, sevisi woka haijipeleki yenyewe. Tena ile ziara ya kwanza kabisa maombi ya ukurasa hayapiti kwake kwa sababu bado anasakinishwa, ndo maana orodha ya bei nimeiweka kwenye `install`, kwenye kache ileile ya `bei`, isingekuwa hivyo mtu anafungua mara moja Mwanjelwa, anapanda gari, akifika nyumbani ganda lipo na bei hamna. Vijana wa kaunta wanamwambia mteja afungue pale pale dukani asubiri mpaka aone "Tayari, unaweza kuagiza hata bila mtandao". Wenye iPhone nao, Safari inafuta hivi vitu ikiwa mtu ametumia brauza siku 7 bila kuigusa tovuti yako, isipokuwa kama ameiweka kwenye skrini ya mwanzo, kwahiyo hao tunawasaidia kuiweka. Malipo hayaingii humu kabisa, ya simu yanahitaji mtandao wakati huohuo, na idadi iliyobaki stoo hatuionyeshi kwa mtu aliye nje ya mtandao kwa sababu hatuwezi kuisimamia.

Yule dada wa Bulongwa tulimrudishia gharama ya kushusha ile mifuko 120, na alikubali kujaribu tena. Mwezi wa pili mwaka huu aliagiza bati geji 30, vipande 40, na saruji mifuko 50. Kwenye kumbukumbu za seva naona alibonyeza saa 2:12 asubuhi akiwa dukani, maana oda inabeba saa yake. Saa 2:13 ombi likafika na jibu halikumfikia. Skrini yake ikabaki njano, hakubonyeza tena, akaendelea kuhudumia watu. Saa 5:40 alipanda kilimani kupiga simu zake nyingine, sevisi woka ikaamka, ikatuma mara ya pili, ikanyamaza, saa 5:41 mara ya tatu, ikajibiwa, ikawa kijani. Maombi matatu, mstari mmoja kwenye jedwali. Bei alizoziona zilikuwa za juzi yake na bati lilikuwa limepanda shilingi 800, kwahiyo oda ilikaa pembeni, kijana wa kaunta akampigia saa 6, akapunguza bati zikawa 36, na Fuso iliyopanda Alhamisi ilikuwa na mifuko 50.